Kwa Nini Wafaransa Husema «Mon Amie» na Si «Ma Amie»

Katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza Kifaransa, mwalimu wetu alitupa insha fupi juu ya shule. Niliandika sentensi sita tu, nikazisoma mara mbili, nikapeleka daftari kwa moyo mweupe. Insha yenyewe ilikuwa hivi:

Ma école est grande. Ce arbre est devant ma classe. Ma amie dort dans cette dortoir. Elle aime beaucoup sa père. Ma nouvelle armoire est près de la porte. Ma houe est dans le jardin.

Maana yake: Shule yangu ni kubwa. Mti huu uko mbele ya darasa langu. Rafiki yangu wa kike hulala katika bweni hili. Anampenda sana baba yake. Kabati langu jipya liko karibu na mlango. Jembe langu liko bustanini.

Daftari liliporudi lilikuwa na mistari mitano ya wino mwekundu. Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa na hoja zangu tayari. Nilimwambia, «Mwalimu, école ni jina la kike, na amie ni jina la kike. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jina la kike hutaka ma. Sasa kosa liko wapi?» Mwalimu hakunijibu. Aliniambia nisome kwa sauti, upesi, mara tatu: ma amie, ma amie, ma amie. Nikasoma. Mara ya tatu ulimi ulikwama, na wenzangu wakacheka. Akasema, «Wafaransa nao walikwama kama wewe, ndiyo sababu wakatafuta njia nyingine. Nenda ukaandike upya.»

Nikaenda, nikaandika upya, na nikakosea tena, ila safari hii kwa namna nyingine. Makosa hayo mawili ndiyo yaliyonifundisha jambo hili, na nadhani yatawafaa wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili.

Tuanze na kosa lililo jepesi, yaani sa père. Niliandika sa kwa sababu anayesemwa ni msichana. Nilikuwa nikifikiri kwa Kiingereza. Kiingereza humtazama mwenye kitu: akiwa mwanamume hutumia his, akiwa mwanamke hutumia her. Kifaransa hakimtazami mwenye kitu hata kidogo. Hukitazama kitu kinachomilikiwa. Père ni jina la kiume, basi ni son père, awe ni baba wa mvulana au baba wa msichana. Mère ni jina la kike, basi ni sa mère, ya mvulana au ya msichana.

Na hapo sisi tunaosema Kiswahili hatuna sababu ya kukosea, maana lugha yetu hufanya vivyo hivyo. Twasema kitabu chake, nyumba yake, mti wake. Hakuna ajuaye kwa maneno hayo kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Cha, ya na wa zimefuata kitabu, nyumba na mti. Mtu atakayetoka kwenye Kiswahili moja kwa moja hadi kwenye Kifaransa atafika salama. Atakayepitia Kiingereza atapotea njiani kama mimi.

Sasa tuyaone maneno yenyewe. Kifaransa kina mon, ma, mes kwa -angu. Ton, ta, tes kwa -ako. Son, sa, ses kwa -ake. La kwanza katika kila kundi ni la jina la kiume, la pili ni la jina la kike, na la tatu ni la wingi bila kujali kiume wala kike. Kwa -etu ni notre na nos, kwa -enu ni votre na vos, na kwa -ao ni leur na leurs. Haya hayatofautishi kiume na kike hata katika umoja. Utaona basi kwamba shida yote ninayotaka kuieleza imo katika maneno matatu tu: ma, ta na sa. Mengine hayana tatizo.

Maneno hayo matatu yote huishia kwa sauti ya a. Yakifuatwa na konsonanti mambo huenda vizuri: ma classe, ta mère, sa robe. Lakini yakifuatwa na neno linaloanza kwa irabu, irabu mbili hugongana: ma amie, ta école, sa idée. Kifaransa hakipendi mgongano huo mahali hapa. Dawa yake ni kuondoa ma na kuweka mon: mon amie, ton école, son idée. Ile n ya mon, ambayo katika mon père huishia puani tu wala ulimi hauitamki, hapa huamka na kushikana na irabu inayofuata. Mtu husikia kama mo-na-mi, to-ne-kol, so-ni-de. Konsonanti imeingia kati ya irabu mbili, na ulimi umepata pa kukanyaga.

Huenda msomaji akauliza: mbona hawakukata ile a tu, kama wanavyokata la na kusema l'amie? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni kwamba zamani walifanya hivyo hasa. Katika Kifaransa cha karne za kati watu walisema m'amie, kwa maana ya mpenzi wangu. Baadaye desturi ya kusema mon ikaishinda ile ya kukata. Lakini ya zamani iliacha alama. Watu walisikia m'amie wakadhani ni maneno mawili, ma na mie, na hivyo likazaliwa neno mie, lenye maana ya mpenzi, ambalo mpaka leo hukutwa katika maandishi na nyimbo za kale. Kwa hiyo ukikuta ma mie kitabuni usidhani mwandishi amekosea.

Wala tusiwacheke Wafaransa kwa kukwepa irabu mbili. Sisi wenyewe hatusemi kitabu kiangu, wala kitabu kieusi. Twasema changu na cheusi, hali twasema kizuri na kikubwa. Hatusemi vitabu viangu bali vyangu. Hatusemi mualimu bali mwalimu, hali twasema mtoto. Kiambishi chetu hubadilika kinapokutana na irabu. Tofauti ni kwamba sisi hukibadili kiambishi kile kile, na Wafaransa huazima neno zima kutoka upande wa kiume.

Nimesema huazima, na neno hilo nalitaka lishikwe vizuri, maana hapo ndipo nilipoanguka mara ya pili. Mtu akiazima koti la kaka yake hageuki kuwa mvulana. Vivyo hivyo école haigeuki kuwa jina la kiume kwa kuvaa mon. Nilipoandika upya insha yangu, nilianza hivi: Mon école est grand. Mwanzo ulikuwa sahihi, mwisho ukaharibika. Kwa kuwa nimeona mon, nikaivua grande ile e yake ya kike, ambayo katika insha ya kwanza niliiandika vizuri! Sawasawa ni mon école est grande.

Hatari hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mon na l' zote mbili huificha jinsia ya jina. Ukijifunza neno kwa l'école hujui ni la kiume au la kike, na ukilijifunza kwa mon école hujui vile vile. Tangu siku hiyo sijifunzi jina lolote lenye irabu mwanzoni ila kwa un au une: une école, une armoire, une orange, une heure; un arbre, un ananas, un examen. Un na une hazifichi kitu, wala kwa jicho wala kwa sikio.

Nasema kwa sikio, maana katika imla mambo ni magumu zaidi. Mwalimu akisoma mon ami est arrivé na mon amie est arrivée, sauti ni zile zile kabisa. Kwa sentensi hiyo peke yake hakuna mwanafunzi, wala Mfaransa mwenyewe, awezaye kujua kama aliyefika ni rafiki wa kiume au wa kike. Hapana budi kungoja neno jingine litakaloitoa siri. Akisema mon amie est contente, ile t ya mwisho husikika, nawe unajua ni wa kike. Akisema mon ami est content, t haisikiki. Kwa hiyo katika imla mimi huandika ami kwa penseli, naacha nafasi ndogo ya e, na siifungi mpaka sentensi imekwisha.

Sasa nije kwenye kosa la pili la insha yangu ya marudio. Katika insha ya kwanza niliandika ma nouvelle armoire, na mwalimu hakuigusa. Mimi kwa wingi wa akili nikaibadili kuwa mon nouvelle armoire, nikijisemea kwamba armoire huanza kwa irabu. Kumbe kanuni hii haitazami jina. Hutazama neno linalofuata papo hapo, liwe ni jina au sifa. Kati ya ma na armoire limekaa neno nouvelle, lenye n mwanzoni, basi hakuna irabu zinazogongana na ma hubaki mahali pake. Huo ndio uthibitisho mzuri kwamba jambo hili ni la ulimi, si la jinsia. Angalieni jina lile lile likibadilishiwa sifa: mon amie, ma meilleure amie, yaani rafiki yangu mkubwa kupita wote, na mon ancienne amie, rafiki yangu wa zamani. Na kwa upande mwingine, classe ni ma classe, lakini likitanguliwa na ancienne huwa mon ancienne classe, ingawa classe haina irabu mwanzoni.

Tumalize habari ya mon kwa kosa la tatu, mon houe. Houe ni jembe, na sote hapa shuleni twalijua. Herufi h haitamkwi katika Kifaransa, kwa hiyo nilidhani neno linaanza kwa irabu, nikaandika mon. Katika insha ya kwanza niliandika ma houe, nayo ilikuwa sahihi. Iko hivi: h za Kifaransa ni za namna mbili, na zote mbili ni kimya. Ya kwanza ni kama haipo, na irabu inayofuata huhesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa neno: mon histoire, ton habitude, son heure. Ya pili nayo haitamkwi, lakini husimama kama ukuta mbele ya irabu, wala hairuhusu neno la kabla yake kushikamana nayo: ma houe, ta hache, sa honte, yaani jembe langu, shoka lako, aibu yake. Maneno mengi ya namna hii ya pili yaliingia Kifaransa kutoka lugha za makabila ya Kijerumani ya zamani, ambao waliitamka h yao kwa nguvu. Sauti ilikufa, ukuta ukabaki.

Kwa kulitazama neno tu huwezi kujua h yake ni ya namna gani. Kamusi za Kifaransa huweka alama ndogo, mara nyingi nyota au mkato wa juu, kwa neno lenye h ya ukuta. Hata neno na ndugu yake huweza kutofautiana: héros, shujaa wa kiume, ana ukuta, nasi twasema le héros; lakini héroïne, shujaa wa kike, hana, nasi twasema mon héroïne. Basi kamusi iwe karibu.

Yabaki maneno ya kuonyesha: ce, cet, cette na ces. Haya hutumika kwa huyu, hiki, hii, huu na jamaa zao wote. Ce ni la jina la kiume: ce livre, kitabu hiki. Cette ni la jina la kike: cette table, meza hii. Ces ni la wingi wa yote. Mimi niliandika cette dortoir kwa kutojua tu kwamba dortoir ni jina la kiume. Sawasawa ni ce dortoir. Lakini ce arbre lilikuwa kosa la irabu, na hapo twakutana na ile habari yetu ya mwanzo ikiwa imegeuzwa.

Katika maneno ya kumiliki, lenye shida ni la kike, ma, kwa sababu huishia kwa irabu. Katika maneno ya kuonyesha, la kike halina shida hata kidogo, maana cette husikika likiishia kwa t: cette école, cette amie. Lenye shida ni la kiume, ce. Basi jina la kiume linaloanza kwa irabu hupewa cet: cet arbre, cet élève, cet hôpital. T hushikana na irabu kama n ya mon ilivyoshikana: se-tarbr, se-te-lev. Na t hii si ya kuazima. Zamani neno la kiume lilikuwa na t hiyo; mbele ya konsonanti ikadondoka, mbele ya irabu ikabaki kwa kuwa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Kanuni zote mbili tulizoziona kwa mon zatumika hapa pia. Neno linalofuata papo hapo ndilo hutazamwa: cet arbre, lakini ce grand arbre. Na ukuta wa h waheshimiwa: cet homme, mtu huyu, lakini ce héros, na ce haricot, haragwe hili. Katika wingi yasemwe ces haricots bila kuiunganisha s na a. Atakayeunganisha atasikika kama mtu asiyejali lugha, ingawa maharagwe yataliwa vile vile.

Kwa sikio cet na cette ni sauti moja, kama mon ami na mon amie. Cet élève ni mwanafunzi wa kiume na cette élève ni wa kike, na imla haikuambii ni yupi. Wa kiume huandikwa kwa t moja bila e mwishoni. Wa kike kwa t mbili na e. Ungoje sifa itakayofuata, ndipo ufunge neno. Vivyo hivyo ces na ses hutamkwa karibu sawa. Hapo Kiswahili ndicho kinachonisaidia: nikiweza kuweka hawa au hivi, naandika ces, nikiweza kuweka wake au vyake, naandika ses.

Jambo moja la mwisho juu ya maneno haya. Kiswahili kina hiki cha karibu, hicho cha kutajwa na kile cha mbali. Kifaransa hakina utajiri huo. Ce livre laweza kuwa lolote kati ya hayo matatu, na msikilizaji hufahamu kwa mazungumzo. Ukiwa na vitabu viwili na wataka kuvitenganisha, ndipo unaongeza mwishoni mwa jina -ci kwa cha karibu na -là kwa cha mbali: ce livre-ci, ce livre-là, cette école-ci, cette école-là.

Baada ya marudio hayo mawili niliandika insha ile kwa mara ya tatu, na mwalimu hakuweka mstari hata mmoja. Naiweka hapa ili mfuatilie kila neno na sababu yake:

Mon école est grande. Cet arbre est devant ma classe. Mon amie dort dans ce dortoir. Elle aime beaucoup son père. Ma nouvelle armoire est près de la porte. Ma houe est dans le jardin.

Kwa atakayetaka kujipima, ajaze nafasi hizi kwanza kabla ya kusoma majibu. Kwa -angu: (1) ... orange, (2) ... grande orange, (3) ... hache. Kwa kuonyesha: (4) ... oiseau, ndege, jina la kiume, (5)... petit oiseau, (6)... heure.

Majibu: (1) mon, kwa sababu ya irabu, (2) ma, kwa kuwa g imeingia kati, (3) ma, kwa sababu ya h ya ukuta, (4) cet, (5) ce, kwa kuwa p imeingia kati, (6) cette, maana heure ni jina la kike na cette lina t yake tayari.

Aliyeandika mon katika la pili asivunjike moyo, maana ndilo kosa langu la kabati. Asome jibu lake kwa sauti, upesi, mara tatu, asikilize kama kweli kulikuwa na irabu mbili zilizogongana.